Hotuba ya mtoto wa kiume kwenye miaka 40 ya ndoa ya wazazi: mwongozo kamili, pamoja na hotuba yenyewe

Mwezi wa Agosti 2025 wazazi wangu walitimiza miaka 40 ya ndoa, na mimi, mtoto wa tatu kati ya wanne, ndiye niliyepewa kipaza sauti kuzungumza kwa niaba ya watoto. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli. Mama ni Mzaramo wa Kisarawe, mwalimu wa shule ya msingi, naye kastaafu. Tangu siku ile marafiki kadhaa wamenifuata niwasaidie kuandika hotuba kama hiyo, na kila mmoja amekwama palepale. Anataka ukumbi ucheke, anataka wazazi wacheke, lakini hajui mtoto anaruhusiwa kuwatania wazazi wake mpaka wapi. Kwa hiyo naanza na hilo, maana ukilikosea hata uandishi mzuri hautakuokoa.

Utani una wenyewe

Kwetu si kila mtu anaweza kumtania kila mtu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya karne ya 19, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka bara kushuka Bagamoyo na kupita kwenye nchi ya Wazaramo. Ndiyo maana mjomba wangu, kaka yake Mama, anaweza kusimama ukumbini akasema dada yake alichukuliwa kwa debe moja la karanga, na Baba akacheka mpaka machozi. Babu na mjukuu ni watani. Shemeji na shemeji ni watani. Baba na mtoto wake si watani. Maneno yaleyale ya debe la karanga yakitoka kinywani mwangu yanageuka utovu wa adabu, na wazee wa pande zote mbili watainamisha vichwa.

Ila mtoto hajafungiwa kila mlango. Ipo milango mitatu, nami niliitumia yote.

Wa kwanza ni jambo ambalo mzazi mwenyewe hulisimulia. Jiulize: nimewahi kumsikia Baba akilieleza hili mbele ya wageni, huku anacheka? Kama ndiyo, ni la kwako kulitumia, kwa sababu hulifichui, unalirudisha tu mezani alipoliweka yeye. Kama ulinong'onezwa na shangazi jikoni, liache hukohuko jikoni, hata kama linachekesha kuliko yote uliyonayo.

Mlango wa pili ni kumwomba mtani ruhusa na kusema hadharani kwamba amekupa. Sentensi fupi kama “Mjomba ameniruhusu nitanie kidogo” inabadilisha hali ya ukumbi mzima. Sasa wazee wanajua utani huu una mwenyewe, na ukiteleza yupo wa kukudhamini.

Wa tatu ni mjukuu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kumuuliza babu yake swali ambalo mimi wa miaka thelathini na tano siwezi kuliuliza, na babu atamjibu akimwita “mke wangu.” Hakuna anayeshtuka, kwa sababu hiyo ndiyo haki yao.

Kuna mambo ambayo milango yote mitatu haiyafungui: deni la mahari, pombe, ugonjwa na maumbile ya mwili, kipindi ambacho wazazi walitengana hata kwa wiki mbili, na mtoto aliyefariki. La mwisho linaweza kutajwa kwa heshima, kwa sentensi moja, lakini lisikae jirani na kichekesho.

Hatua ya kwanza: jua unasimama wapi kwenye ratiba

Kabla hujaandika neno, zungumza na ndugu zako na kamati. Kwetu haki ya kusema ilikuwa ya dada mkubwa. Ni yeye aliyesema kwamba ana uhakika atalia, akanipa mimi nafasi, na mimi nikalisema hilo kwenye sentensi ya pili ya hotuba ili mtu asidhani nimemruka. Kisha muulize mshereheshaji mambo mawili: nani anazungumza kabla yako, na chakula ni kabla au baada. Mimi nilikuta nimewekwa baada ya mchungaji, mwenyekiti wa kamati, msimamizi wa ndoa na wawakilishi wa pande mbili za ukoo, wote kabla ya chakula. Mtu wa sita mbele ya watu wenye njaa hana dakika kumi na tano. Niliomba niwe wa kwanza baada ya keki, nikapewa dakika saba.

Dakika saba ni maneno mangapi? Mimi nilipojipima kwa saa ya simu, maneno 400 niliyasoma kwa takriban dakika nne, kwa mwendo wa kuongea na si wa kusoma taarifa. Ukumbini hotuba hiyohiyo ilifika dakika sita na ushee, kwa sababu ya vicheko, vigelegele na majibu ya Baba. Hesabu hivyo: andika theluthi mbili ya muda uliopewa, theluthi inayobaki ni ya watu.

Hatua ya pili: kusanya habari, ukiuliza vitu na si siri

Nilianza miezi miwili kabla. Niliongea na Baba peke yake na Mama peke yake, kwa sababu wakiwa pamoja mmoja husimulia na mwingine husahihisha. Mama nilimkuta akichambua mchele, nikakaa nikachambua naye. Baba nilitembea naye jioni. Simu ilikuwa inarekodi, na wote walijua.

Usiwaulize siri ya ndoa yao ni nini. Watakujibu kuvumiliana na kumtanguliza Mungu, jambo ambalo ni kweli, lakini ndilo ambalo mchungaji atakuwa ameshalisema asubuhi. Waulize vitu vinavyoshikika. Siku ya harusi mlikula nini? Shela ilitoka wapi? Nani alilala wapi usiku ule? Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa nini, na nani alianza kuongea baadaye? Mwaka 1985 unajibu maswali kama hayo kwa utajiri, kwa sababu ulikuwa wakati wa uhaba, sukari na sabuni vilipatikana kwa foleni, na Mwalimu Nyerere alikuwa bado rais, alikabidhi kwa Mzee Mwinyi mwezi Novemba. Mama aliniambia sukari ya chai ya harusi yake ilichangwa na walimu wenzake, kila mmoja akitoa kiasi kutoka kwenye mgao wake, mpaka ikatosha.

Habari hiyo niliipenda sana, na sikuitumia. Wenye sifa humo ni wale walimu, wala si Baba na Mama. Niliihifadhi nikampa mwenyekiti wa kamati aitumie kuwashukuru walimu wastaafu waliokuja, na huko ilifika nyumbani kwake.

Hakikisha tarehe. Baba aliapa kwamba walioana tarehe 24, Mama akasema 17. Niliomba kuona cheti cha ndoa: 17 Agosti 1985. Kalenda ya simu inakuonyesha kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na wote wawili walikuwa na hakika na Jumamosi. Usiruke hatua hii. Tarehe ikikosewa mbele ya wasimamizi wa ndoa, utasahihishwa kwa sauti kutoka meza ya mbele.

Hatua ya tatu: chagua jambo moja liwe uti wa mgongo

Nilikuwa na visa kumi na vinne. Hapa ndipo wengi wanapovipanga kwa miaka: Baba alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akakutana na Mama, wakajaliwa watoto. Soma mpangilio huo kwa sauti utasikia unafanana na kitu gani. Ni wasifu wa marehemu. Watu wetu wameusikia misibani mara nyingi mno, na ukianza na “alizaliwa mwaka” nyuso zinabadilika bila mtu kujua kwa nini. Wazazi wako wamekaa mbele yako na wanapumua. Usiwasomee wasifu.

Badala yake tafuta kisa kimoja chenye neno ambalo linaweza kurudi. Chetu kilikuwa cha treni. Baba na watu wake walipanda treni Tabora Alhamisi usiku kwenda kuoa, safari ya takriban kilomita 840 mpaka Dar es Salaam, wakitarajia kufika Ijumaa usiku. Treni ikakaa kwenye stesheni ndogo kwa saa nyingi. Walifika Jumamosi saa tano asubuhi, wakati ndoa ilipangwa Kisarawe saa nne. Ilifungwa saa tisa alasiri. Na kwa miaka 40 Baba, mtu wa reli, amekataa kusema kwamba treni ilichelewa. Anasema: “Haikuchelewa. Ilisubiri kupishana.”

Ambaye hajafanya kazi ya reli anahitaji maelezo kidogo hapa. Reli ya kati ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ni njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote, ila kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Moja inaingia pembeni inasimama, nyingine inapita, ndipo ya kwanza inaruhusiwa kuondoka. Inayosubiri haijaharibika wala haijadharauliwa. Zamu yake ndiyo iliyofika.

Nilipoyasikia maelezo hayo kutoka kwa Baba tukiwa tunatembea, nilijua hotuba imepatikana. Kisa kinachekesha, anakisimulia mwenyewe, na ndani yake kuna kitu cha kweli kuhusu ndoa ambacho hakikuokotwa kwenye kadi ya duka. Ukikipata cha kwenu utajua, kwa sababu visa vingine vitaanza kujipanga nyuma yake. Vile visivyojipanga, viache. Nilibakiwa na vitatu.

Hatua ya nne: pima mizani ya pande mbili

Kama Baba ametaniwa, Mama naye ataniwe, na kwa uzito uleule. Ukimtania mmoja tu, upande wa pili wa ukumbi unahisi umeshinda, na sherehe inageuka kesi. Cha Mama kilikuwa barua. Wakiwa wachumba Baba alimwandikia kutoka Tabora, na mahali alipokusudia kuandika “nakupenda” aliruka herufi moja. Mama akairudisha barua kwa posta, herufi imeongezwa kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika: “Rudia mara kumi.” Baba akarudia mara kumi. Barua zote mbili zimo kwenye kopo la biskuti kabatini.

Kisa hiki Mama alishawasimulia wajukuu, kwa hiyo mlango wa kwanza ulikuwa wazi. Hata hivyo niliomba ruhusa yake, kwa sababu kusimulia ni jambo moja na barua ya mtu ni jambo jingine. Akakubali, kwa sharti moja: nisiisome. Sikuisoma.

Hotuba yenyewe

Hii hapa kama ilivyosemwa. Maneno yaliyo kwenye mabano ni yaliyotokea ukumbini.

“Wazee wangu, shikamooni.”

(Marahaba.)

“Dada yetu mkubwa amenipa ruhusa ya kuwasemea watoto, na Mjomba ameniruhusu nitanie kidogo. Nikizidisha, faini apelekewe Mjomba.

“Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1985, ndoa ilipangwa saa nne asubuhi. Saa nne ikafika. Bibi harusi yupo. Mchungaji yupo. Pilau ipo. Bwana harusi hayupo. Na bwana harusi ni mtu wa reli, na hapo alipo, yumo ndani ya treni.

“Baba, tumekua tukiisikia habari hii mezani, na jibu lako halijawahi kubadilika. Leo naomba uwajibu wakwe zako. Treni ilichelewa?”

(Nikamsogezea kipaza sauti. “Haikuchelewa! Ilisubiri kupishana!” Vicheko, vigelegele. Mjukuu akasimama kama tulivyopanga: “Babu, ulikuwa unapishana na nani?” Baba: “Na treni ya mizigo, mke wangu.”)

“Huku Kisarawe Mama anasubiri. Saa tano, saa sita, saa saba. Bibi, mama yake, ambaye leo tunamkumbuka kwa upendo, alimwambia, ‘Mwanangu, vua shela ule.’ Mama akamjibu, ‘Nikiivua, nitaivaa tena kwa ajili ya nani?’ Akala akiwa nayo.”

(Hapa nilinyamaza. Vigelegele vya upande wa Kisarawe vilichukua muda wao.)

“Lakini Mama naye ana lake. Baba alimwandikia barua ya mapenzi, akakosea herufi moja. Mama yetu, badala ya kujibu barua, aliisahihisha. Kwa wino mwekundu. Akamwagiza arudie mara kumi. Na Baba, ambaye hapendi kuambiwa hata namna ya kukunja gazeti, alirudia mara kumi. Hapo ndipo ndoa hii ilipofungwa. Ya Kisarawe ilikuwa sherehe tu.

“Nilipokuwa mdogo nilidhani ‘kupishana’ ni kisingizio cha Baba. Sasa naelewa. Reli ilikuwa moja, na ninyi mlikuwa wawili. Mama alipokwenda chuo kwa miaka miwili, Baba ndiye aliyeingia njia ya pembeni. Alitupikia, alitufulia, na aliwasuka dada zetu nywele kwa mtindo ambao haujawahi kuonekana tena Tabora. Na Baba alipohamishwa, Mama aliacha shule aliyokuwa mwalimu mkuu, akafundisha darasa la kwanza ugenini, ili Baba apite. Hatukuwahi kumwona mmoja wenu akimlazimisha mwenzake kurudi nyuma. Tulimwona mmoja akisubiri, na mwingine akimpungia mkono.

“Baba, asante. Mama, asante. Sisi wanne tumepita kwa sababu ninyi mlisubiri.

“Na jambo la mwisho, liingie kwenye kumbukumbu. Baba, leo umefika ukumbini dakika kumi kabla ya Mama. Baada ya miaka 40, treni imewahi.

“Tusimame, tuwatakie heri.”

Kwa nini imepangwa hivyo

Shikamooni ya mwanzo si mapambo. Ukumbi ukijibu marahaba, wewe umepata sekunde tatu za kupumua, na wao wameshaanza kushiriki. Kuorodhesha waheshimiwa wote mmoja mmoja kunawaachia nafasi ya kuchokozana kuhusu nani amesahaulika, na mshereheshaji atakuwa ameshawatambua. Nami nilitamani kuwaamkia wazee wa Tabora kwa Kinyamwezi, nikajiandalia “mwangaluka.” Shangazi akanikumbusha kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, na sisi tulikuwa tunakutana usiku. Kama lugha ya nyumbani huisemi kila siku, mwombe mzee akusikilize kabla, au baki na Kiswahili chako.

Utani umetangulia, uzito ukafuata. Ukianza na uzito watu wanalia mapema, na ukija kutania baadaye wanaona unawavuruga. Bibi aliyefariki ametajwa ndani ya kisa cha uhai wake, akisema neno la mama kwa binti yake. Hakukuwa na haja ya kusimamisha ukumbi kwa dakika ya ukimya, hiyo ilishafanyika kanisani.

Angalia pia sehemu ya nywele. Pale ndipo uzito unapoanza, na ndiyo maana nimetia kichekesho kidogo katikati yake. Kinamsaidia msemaji kuliko wasikilizaji. Koo langu lilikuwa limeshaanza kukaza, na kicheko cha dada zangu ndicho kilichonifikisha kwenye sentensi ya Mama. Na visa hivyo viwili, chuo na uhamisho, vinalingana: kila mmoja amesubiri mara moja. Ningemtaja Mama tu kwamba alijitolea, ningekuwa nimemshtaki Baba bila kukusudia. Kosa hili nimelisikia kwenye sherehe nyingi. Mtoto anamsifu mama kwa yote aliyovumilia, na kila sifa inamchoma baba aliyekaa pembeni yake.

Hatua ya tano: jaribu kwa mtu mmoja anayefaa

Usiwasomee marafiki zako, hao watacheka kila kitu. Msomee mtu wa rika la wazazi wako anayewapenda wote wawili. Mimi nilimsomea mama mdogo. Usimtazame anavyocheka, tazama mikono yake. Mama mdogo alipofika mahali nilipokuwa nimeandika kuhusu mwaka ambao mshahara wa Baba ulikwama, alianza kujifunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea. Nilimuuliza kama pana tatizo, akasema hapana, ni sawa. Nilifuta aya nzima usiku huo. Fedha ya Baba haikuwa yangu kuitaja, hata kwa kusifu.

Soma kwa sauti mara nyingi, nasema kwa sauti na si kwa macho. Sentensi itakayokuliza utaijua, kwa sababu itakuliza chumbani kila mara. Ifupishe. Yangu ilikuwa “Sisi wanne tumepita kwa sababu ninyi mlisubiri.” Mwanzo ilikuwa na maneno ishirini na tano, na sikuwahi kuimaliza. Maneno saba niliyaweza kwa pumzi moja.

Hatua ya sita: usiku wenyewe

Chapa hotuba kwa herufi kubwa, karatasi moja pande mbili, na uache mistari mitupu mahali pa kicheko. Simu si mahali pa kusomea, inazima mwanga katikati ya sentensi, na ujumbe wa mchangiaji aliyepotea njia unaingia juu ya maneno yako. Shika kipaza sauti umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na usikipeleke mbele ya spika, kitapiga mluzi.

Zungumza na mpiga muziki kabla ya wageni kufika. Kwenye sherehe moja niliyohudhuria, muziki uliwashwa kila watu walipocheka, na msemaji akapoteza uzi mara tatu. Mimi nilimwambia neno moja tu la kumwashia: “Tusimame.” Kabla ya hapo, kimya.

Mjukuu alifanya mazoezi ya swali lake mara mbili tu. Zaidi ya hapo anaanza kulighani kama shairi la shuleni. Na Baba hakuambiwa kwamba ataulizwa. Niliweza kubahatisha hivyo kwa sababu jibu lake nililijua kwa miaka mingi. Kama mzazi wako si mwepesi wa kujibu hadharani, sema jibu mwenyewe kwa niaba yake, umtazame tu.

Utani ukianguka, yaani umesema na umesikia vijiko tu, usiueleze. Usiseme kwamba ulikuwa unatania. Ruka kichekesho kinachofuata, nenda moja kwa moja kwenye shukrani. Ndiyo maana ni vizuri kila kichekesho kiweze kuondolewa bila kisa kuvunjika. Na ukiona mzee mmoja ameinamisha uso, usimtazame tena. Watazame wazazi wako. Wakiwa wanacheka, uko salama.

Ukimaliza, nenda mezani kwao kabla ya mtu yeyote kukushika mkono. Mimi nilianza na Mama, kwa sababu Baba alikuwa ameinama anafuta miwani, na nilitaka apate nafasi ya kumaliza. Nikampa Mama ile karatasi. Nyuma yake nilikuwa nimeandika tarehe, mahali, na majina yetu wanne, kwa wino mwekundu. Akaisoma, akaikunja, na kesho yake dada akaniambia imeshaingia kwenye kopo la biskuti.